Jina la shamba la mitamba: litangaze afya, au liwe alama ya kundi tu?

Muulizaji, Njoro: Naanza kuuza mitamba ya Friziani. Nataka mnunuzi akisoma jina la biashara ajue kwamba ng'ombe wangu ni wazima na kumbukumbu zao zimetunzwa. Nimefikiria "Mitamba Safi Daima". Linafaa?

Daktari wa mifugo: Ndugu, hilo "Safi Daima" liondoe. Kipimo cha damu cha brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, hueleza hali ya siku ile damu ilipotolewa, na mtamba aliyeambukizwa akiwa ndama anaweza kupimwa akaonekana mzima, kisha ugonjwa ukajitokeza akiwa na mimba. Mnunuzi ambaye mtamba wake ametupa mimba ya miezi saba atalisoma jina lako kama ahadi iliyovunjwa, hata kama cheti ulichompa kilikuwa cha kweli. Afya iandikwe kwenye cheti chenye tarehe.

Mnunuzi, Eldoret: Basi aandike "Asili Safi". Akisajili ng'ombe wake katika Kenya Stud Book, daftari la ukoo wa mifugo, ukoo wao utakuwa umethibitishwa.

Mfugaji mkongwe, Nakuru: Utathibitishwa, ila kwa ngazi. Ng'ombe asiye na ukoo ulioandikwa huingia ngazi ya msingi. Binti atakayemzaa kwa fahali aliyesajiliwa hupanda ngazi ya pili, mjukuu ya tatu, na kitukuu ndiye huhesabiwa wa ukoo kamili. Hata wakizaliwa majike watupu, hiyo ni takriban miaka 6, na muda wote huo jina litakuwa linadai kisichokuwapo zizini.

Mimi ningechukua jina fupi la mahali, tuseme "Kijito". Jina la kundi hutangulia jina la kila ndama aliyezaliwa kwako na hubaki naye hata akiuzwa mara tatu. Mnunuzi wa tatu akiona "Kijito Neema 14" kwenye cheti, na 14 hiyo hiyo kwenye hereni ya sikioni, atakupigia simu akuulize mama yake alikamuliwa kiasi gani, nawe utafungua ukurasa umjibu. Ukimjibu hivyo, jina limeshasomeka kama kumbukumbu.

Mfuga mbuzi, Nyeri: Shamba langu lina jina la marehemu mama yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza hereni. Nibadilishe?

Daktari wa mifugo: La, Mama. Wateja wako ni majirani, nao hulitazama zizi lenyewe. Siku utakapouza beberu kwa mtu wa mbali, mpe hereni na ukurasa wake.

Muulizaji, Njoro: Nikisajili "Kijito" kama jina la biashara, ndilo jina la kundi tayari?

Mfugaji mkongwe, Nakuru: Hapana, huo ni usajili mwingine. Uliza kote kuwili kabla hujaagiza hereni, kwa sababu jina likishatoboa masikio ya ndama halibadiliki kwa urahisi.

Mnunuzi, Eldoret: Bado sijashawishika. Nikipita barabarani na kuona "Kijito" peke yake, sitajua kwamba kuna mitamba inayouzwa, na hicho cheti sitafika kukisoma.