Wametubandika umeneja leo asubuhi ili wasitulipe ovataimu

Wanajamvi, yule jamaa mnamjua. Yule mwenye maduka ya jumla, anayehesabu hadi mifuko ya nailoni iliyochanika. Leo kavuka mpaka.

Ameita watu 14 stoo, kagawa barua na vitambulisho vipya. Kila mtu meneja! Keshia ni Meneja wa Malipo. Anayepanga unga kwenye rafu ni Meneja wa Bidhaa. Kijana wa kusukuma matoroli naye ni Meneja wa Mwendo wa Wateja. Vitambulisho vyenyewe ni vya zamani, stika ya MENEJA imebandikwa juu ya neno KESHIA na ile K inachungulia pembeni. Duka lina mameneja wengi kuliko kilo za sukari.

Mtu akauliza ovataimu ya mwezi huu inaingia lini. Akajibu, mbele ya wote: "Meneja hadai masaa. Meneja analipwa kwa heshima."

Kwa heshima! Heshima inanunua mchele wapi? Watu wanaingia saa moja na nusu asubuhi, wanatoka saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki, halafu meneja hadai masaa? Posho ya cheo ni 50,000, mstari wa ovataimu kwenye slipu umefutwa. Meneja hadai masaa! Mbele ya watu wote!

Bwashee_wa_Kona: Shikamoo Meneja wa Malipo. Tukija tunapiga magoti au tunasimama foleni kama kawaida?

Mtumishi_Bora: Punguza jazba mleta uzi. Sheria iko wazi, meneja hana ovataimu. Barua mmesaini wenyewe, sasa mnalia nini?

KaratasiZote: Mtumishi_Bora, umeshika mkia ukadhani ni ng'ombe mzima. Soma kifungu cha 17 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hakijataja neno meneja wala cheo chochote. Kinamtoa kwenye kanuni za saa za kazi mtu mwenye mambo mawili kwa pamoja: anasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, NA anaripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Huyo wa juu naye si yeyote tu. Ni yule anayetunga sera za mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi.

Sasa mpime kijana wa matoroli. Anasimamia nani? Matoroli si wafanyakazi. Hapo hapo amebaki ndani ya sheria, ovataimu yake ipo palepale hata aitwe Mkurugenzi.

Keshia mkuu ndiye wa kumwangalia vizuri, kwa sababu pengine kweli anapanga zamu za wenzake. Lakini anaripoti kwa nani? Kama ni kwa msimamizi wa tawi ambaye hata kubadilisha bei ya soda lazima apige simu makao makuu, basi sharti la pili halijatimia. Naye analipwa.

Mtumishi_Bora: Sawa, lakini duka lenye tawi moja je? Hapo bosi ndiye anayetunga sera na yuko mlangoni kila siku. Keshia mkuu anaripoti kwake moja kwa moja.

KaratasiZote: Hapo una hoja. Kama kweli anasimamia watu, wakili wa mwajiri atang'ang'ania hapo, na mtu mmoja kati ya hao 14 anaweza kupoteza. Wale 13 hawahusiki.

Mleta uzi: Meneja hadai masaa!! Angalau angesema ofisini, si mbele ya watu wote pale stoo!

DadaHesabu: Mleta uzi, weka hasira pembeni dakika mbili tupige hesabu. Chukua mshahara wa msingi 780,000. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Sheria inagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa 45 kupata saa, yaani karibu 195. Inatoka 4,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, 6,000.

Kwa ratiba yenu, ukitoa saa moja ya mapumziko, ni saa 9 na nusu kwa siku, 57 kwa wiki. Zilizozidi ni 12. Wiki nne ni saa 48, yaani 288,000. Huyo bwana kawapa stika na 50,000, kabeba 288,000.

Na angalieni kingine, hata kabla ya stika huenda mlikuwa mnapunjwa. Maafisa utumishi wengi wanagawa kwa siku 26 mara saa 8, yaani 208. Saa inashuka hadi 3,750, ovataimu 5,625. Kwa saa 48 zinapotea 18,000 kimyakimya, na slipu inaonekana safi kabisa.

Bwashee_wa_Kona: Kumbe heshima ina bei, 238,000 kwa wiki nne.

Mpenda_Haki: Ila ovataimu lazima iwe kwa makubaliano. Kama hakuna makubaliano ya maandishi, hakuna malipo.

KaratasiZote: Hapana. Sharti la makubaliano linamzuia mwajiri kukulazimisha, pamoja na ukomo wa saa 50 za ziada kila wiki nne. Halimpi ruhusa ya kukufanyisha kazi bure. Ugumu uko kwenye ushahidi. Pigeni picha daftari la mahudhurio na ratiba ya zamu sasa hivi, kabla halijaandikwa upya. Tunzeni barua ya zamani yenye maelezo ya kazi, na fomu za likizo zinazoonyesha nani anasaini. Kama likizo ya mwenzako inasainiwa na mtu mwingine, wewe unasimamia nini?

Kisha jazeni fomu CMA F1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mumpe mwajiri nakala, mbaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Mgogoro wa malipo una siku 60 tangu ulipozuka. Zile 30 wanazosema watu ni za kuachishwa kazi.

Mpenda_Haki: Na ile 50,000? Si atasema ndiyo ovataimu yenyewe?

KaratasiZote: Atasema. Inategemea barua imeandikwaje. Mleta uzi, bandika maneno yake hapa, ficha majina.

Mbeba_Boksi: Huku Marekani mchezo ni uleule. Cheo peke yake hakitoshi, lazima usimamie angalau watu wawili, sauti yako isikike kwenye kuajiri na kufukuza, na mshahara usipungue dola 684 kwa wiki. Wanamwita mtu meneja msaidizi wa mgahawa huku anakaanga chipsi siku nzima.

Mbwa_Halali: Nyie mna stika. Sisi walinzi hata stika hatupati! Saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, nyongeza ya usiku haionekani.

DadaHesabu: Nyongeza hiyo ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Lindo lako lina saa 10 za aina hiyo. Msingi wako ni kiasi gani?

Mbwa_Halali: Ngoja nitafute slipu. Wanakata hadi hela ya buti.

Bwashee_wa_Kona: Buti?! Kampuni ipi hiyo, ile yenye kofia nyekundu?

Mleta uzi: Jamani, rudini kwenye mada. MENEJA HADAI MASAA!

Mbwa_Halali: Nyekundu hiyohiyo. Na tochi pia wanakata.