Dalali aliyeuza kiwanja changu mara ya pili ndiye aliyeletwa kutufundisha kuwatambua matapeli

Wakuu, jana Jumamosi kulikuwa na mkutano wa mtaa huku kwetu upande wa Isyesye, Mbeya, na tangu nitoke pale sijapata usingizi. Tulitangaziwa kuwa kuna mgeni wa kuzungumza habari za wauzaji feki na viwanja vinavyouzwa mara mbili. Watu walijaa, maana ni wachache hapa ambao hawajalizwa au hawana ndugu aliyelizwa. Mgeni aliposimama nikamtambua. Ni dalali yuleyule aliyempeleka mtu mwingine kununua kiwanja changu.

Nimpe haki yake kwanza. Alisema ukimbie muuzaji anayekuharakisha eti kuna mwingine anakuja na hela jioni. Alisema usitume hela kwenye namba ya simu yenye jina la mtu usiyemjua. Alisema nyumba ya familia haiuzwi mke akiwa hajui, na hapo yuko sahihi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Kisha akamalizia: "Mkidai kitambulisho cha muuzaji, na mkataba ukagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, lipeni mkalale." Watu wakapiga makofi.

Mimi nina mkataba wenye muhuri huo. Julai 2023 nilinunua kiwanja cha mita 20 kwa 25, hakijapimwa, kwa shilingi milioni 4.5. Tuliandikishana ofisini na mashahidi, mwenyekiti wa wakati ule akagonga muhuri, nakala moja ikabaki kwao. Hela ya msingi sikuwa nayo, kwa hiyo nikamwachia jirani wa upande wa juu alime mahindi, pasije pakageuka pori.

Novemba 2024 ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa na mwenyekiti akabadilika. Kwenye makabidhiano nakala yangu haikuonekana. Ofisi haikuwa na daftari la mauzo, ilikuwa na faili tu la karatasi zilizotobolewa, nyingine zimeliwa na panya. Februari 2025 muuzaji wangu yuleyule akauza tena kiwanja kilekile kwa milioni 6, na mwenyekiti mpya akagonga muhuri. Yeye simlaumu sana, alikuwa mgeni kwenye kiti. Mbele yake alisimama mzaliwa wa hapahapa, kitambulisho cha taifa ni chake, jina ni lake, shamba lile kila mtu anajua lilikuwa la baba yake.

Hapo ndipo hotuba ile iliponichoma. Muuzaji wangu si feki! Kila kipimo alichotupa dalali, muuzaji yule anakifaulu. Anayeuza mara mbili mara nyingi ndiye mwenye eneo hasa, ila tayari alishaliuza. Ukimkagua sura na kitambulisho hutaona kitu. Unachotakiwa kujua ni kama kabla yako kuna mwingine aliyelipa, na hilo linajulikana kwa majirani na kwa yule anayelima pale.

Na majirani waliulizwa. Tatizo ni nani aliyeulizwa. Dalali alimpeleka mnunuzi kwa jirani wa chini, ambaye alihamia mwishoni mwa 2024 na hanijui. Jirani wa juu, anayelima kwa ruhusa yangu, hakuulizwa. Mnunuzi mwenyewe, mama mmoja anayeuza viazi Uyole, aliyaona mahindi akauliza ni ya nani. Muuzaji akamjibu kuwa amemwazima mtu. Dalali alikuwa amesimama hapohapo, akanyamaza.

Mama huyo naye alikuwepo jana. Alinyanyuka akauliza: "Baba, ile laki 6 ya udalali uliyochukua kwangu unanirudishia lini?" Dalali akajibu kuwa kazi yake ni kukutanisha watu, mengine ni ya muuzaji na mnunuzi. Mwenyekiti akamwambia mama akae, mambo binafsi yapelekwe ofisini. Akakaa. Nilishindwa kumtazama usoni. Mimi na yeye tunagombea ardhi moja, lakini jana nilitamani kumsaidia kulia.

Kama kazi yako inaishia kukutanisha watu, unapewa kipaza sauti utufundishe nini kuhusu umiliki? Naomba mawazo yenu, na wenye kujua mnisaidie.

Kijana wa Mwanjelwa: Pole sana kaka. Kosa lenu ni kutotumia wakili. Mkiandikishana kwa wakili hakuna wa kukugusa.

Bikoni: Nimefanya kazi ya ardhi miaka mingi, kijana uko sahihi nusu. Wakili anashuhudia sahihi za waliokuja ofisini kwake. Kiwanjani hajafika, na kama muuzaji alishauza, hatajua. Muhuri wa mtaa nao ni hivyohivyo, unasema watu hawa waliuziana mbele yetu siku hiyo, basi. Kwa eneo lisilopimwa hakuna jalada la kupekua, kwa hiyo ushahidi ni watu na matumizi. Nenda bila dalali, siku nyingine, uongee na majirani wa pande zote nne na anayelima. Wasaini mkataba wote. Ukishalipa, weka alama yako wiki hiyohiyo, hata msingi wa kozi mbili.

Kiwanja kilichopimwa ni habari nyingine. Chenye hati unachukua namba ya kiwanja na kitalu, unaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, unaona jina la mmiliki, rehani na zuio kama lipo. Kisha utembee hadi kwenye mawe ya mipaka usome namba zake, ulinganishe na ramani ya upimaji. Nimeona mtu akionyeshwa kiwanja cha barabarani huku hati aliyopewa ni ya kiwanja cha bondeni. Na upekuzi ni wa siku ile tu. Uhamisho haujakamilika mpaka usajiliwe, katikati hapo muuzaji anaweza kukuzunguka.

Mama Ipogolo: Mimi niko Iringa. Shamba la marehemu kaka yangu liliuzwa na mwanawe bila sisi kujua. Na sisi tuwafuate majirani?

Bikoni: Hapana mama, lako ni la mirathi. Uliza kama kijana aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi. Kama hakuteuliwa, hakuwa na mamlaka ya kuuza, na mnunuzi alipaswa kudai barua hiyo.

Kijana wa Mwanjelwa: Sasa hapa mwenye kiwanja ni nani, wa kwanza au wa pili?

Bikoni: Kwa ardhi isiyosajiliwa, kwa kawaida ni wa kwanza, maana mara ya pili muuzaji hakuwa tena na kitu cha kuuza. Lakini athibitishe kuwa alinunua kweli. Jirani wa juu ndiye shahidi wake mkubwa. Mama adai hela yake kwa muuzaji, na aripoti polisi kuwa alilaghaiwa. Kuhusu udalali sina jibu la uhakika, itategemea kama itathibitika dalali alijua.

Mleta uzi: Ndaga fijo mzee wangu. Jirani wa juu amekubali kuja. Jumatano tunakwenda baraza la kata kwa usuluhishi, mimi na yule mama tutapanda bajaji moja. Ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muuzaji simu yake haipatikani tangu jana jioni. Dalali yeye yupo, asubuhi hii nimemwona akiwapandisha watu wawili kuelekea viwanja vya juu.