Tupeane uzoefu: kwenye mkataba wa programu ulihamisha hakimiliki au ulitoa leseni tu?

Fundi wa Moduli
Wakuu, naanza na yangu. Mteja aliniagiza mfumo wa kupanga miadi. Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, na kifungu cha saba kilisema: "Mtengenezaji anamhamishia mteja hakimiliki yote ya msimbo wote utakaokabidhiwa." Nikasaini. Niliona mfumo ni wake na analipa vizuri, sasa nibishane nini?

Kumbe karibu theluthi ya nilichokabidhi sikukiandika kwa ajili yake. Nina moduli zangu za kuingia kwenye akaunti, kutuma ujumbe na kutoa ankara. Nilizijenga miaka mitatu kabla sijamjua, na kila kazi nazichomeka humo. Zilikuwa ndani ya folda niliyokabidhi, kwa hiyo nazo zikaenda.

Miezi minane baadaye nikazitumia kwa mteja mwingine. Yule wa kwanza akaniletea barua yenye kurasa mbili za msimbo zimewekwa sambamba. Kuna neno nililokosea tahajia kwenye jina la kigezo, na lilikuwa limekosewa pande zote mbili. Sikuwa na la kujibu. Nilikaa wiki sita naziandika upya kutoka sifuri. Nyie mlifanyaje?

Nahodha7
Pole sana mkuu. Ila mimi nijuavyo hata kifungu kisingekuwepo ungeshindwa tu. Aliyetoa hela ndiye mwenye mali. Ukishalipwa yote, msimbo ni wa mteja.

Binti Mkataba
Nahodha, hapo uko sahihi kwa mwajiriwa. Anayeandika msimbo kama sehemu ya kazi yake ya mshahara, kwa kawaida hakimiliki ni ya mwajiri. Fundi hakuajiriwa, alipewa kazi ya mkataba. Katika nchi nyingi, mtu wa namna hiyo akilipwa, hakimiliki inabaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini yake. Mteja anaweza kuhesabiwa kuwa na ruhusa ya kutumia alichokilipia, lakini ruhusa hiyo si umiliki.

Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1989, kwenye kesi ya Shirika la CCNV na mchongaji James Earl Reid. Shirika liliagiza sanamu na likalipia. Mahakama ikasema Reid hakuwa mwajiriwa wake, kwa hiyo shirika halikuweza kudai hakimiliki kwa kigezo hicho. Msimbo unafuata njia hiyo hiyo.

Fundi hakuangushwa na malipo. Aliangushwa na maneno "msimbo wote utakaokabidhiwa". Ukihamisha, umetoa kitu kizima, na kuanzia hapo wewe ndiye unayehitaji ruhusa. Ukitoa leseni, kitu kinabaki chako na mwenzako anapata haki ya kukitumia kwa masharti mliyoandika.

Mtaalamu wa Kaunta
Mimi leseni yangu nilihangaika nayo miezi miwili, kila siku naambiwa fomu haijakamilika. Mwisho niliipata na sasa biashara imesajiliwa. Nashauri mwende na nakala tatu.

Fundi wa Moduli
Ndugu, hongera, ila hapa tunazungumzia leseni ya kutumia msimbo, si ya biashara.

Mama Mifumo
Mimi niko upande wa mteja. Nilikataa kulipia uhamisho kwa sababu bei ilikuwa kubwa, nikachukua leseni ya kipekee. Mtengenezaji alidhani "kipekee" maana yake ni kwamba hatamuuzia mshindani wangu, basi. Baada ya mwaka nikaona anautumia mfumo ule ule kuendesha huduma yake mwenyewe. Nikamwonyesha mkataba. Leseni ya kipekee inamfungia hata mwenye mali, isipokuwa mmeandika kwamba naye amebakiza haki ya kutumia. Alishangaa kwa dhati, na namwamini kwamba hakujua.

Hatukufika mahakamani. Tukaandika upya: upekee wangu ni kwenye huduma za miadi ya afya tu, kwa miaka mitatu, na nje ya hapo auze atakavyo. Akanipunguzia bei. Nilipokaa nikafikiri, sikuwahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Binti Mkataba
Mama, hayo ndiyo makubaliano ninayopenda kuyaona. Mteja akisema anataka kila kitu, muulize anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa mshindani kupata kitu kile kile, au wewe kupotea ukiwa na msimbo. Hofu ya kwanza inatulizwa na leseni ya kipekee yenye eneo na muda. Ya pili inatulizwa kwa kumkabidhi msimbo chanzo na haki ya kuurekebisha mwenyewe au kwa fundi mwingine.

Isiyo ya kipekee ni nyepesi kwa pande zote, lakini mteja ajue mipaka yake. Kwa kawaida hawezi kumshitaki mtu wa tatu aliyenakili, na asipoandikiwa ruhusa huenda asiweze kuihamishia kwa atakayenunua kampuni yake.

Fundi wa Moduli
Sasa hivi natumia maneno haya, nayaweka hapa:

"Msimbo ulioandikwa mahsusi kwa ajili ya mteja chini ya mkataba huu unahamia kwake mara malipo yote yakikamilika. Moduli zilizoorodheshwa kwenye Kiambatisho A zinabaki mali ya mtengenezaji. Mteja anapewa leseni isiyo ya kipekee, ya kudumu, ya kuzitumia na kuzirekebisha kama sehemu ya mfumo huu, na anaweza kuihamisha pamoja na mfumo."

Kiambatisho A nakiandika kwa majina ya folda kabla ya kuanza kazi. Ukisubiri mwisho mtagombana kuhusu lipi lilikuwepo kabla.

Nahodha7
Hicho kipande cha "malipo yote yakikamilika" nakiunga mkono. Nilishanyimwa awamu ya mwisho.

Mama Mifumo
Mimi singesaini. Tukigombania ankara moja ndogo, mfumo mzima unabaki si wangu nao tayari unaendesha biashara.

Binti Mkataba
Nimeona pande zote mbili zikiumia hapo. Wengine wanagawanya: kila awamu ikilipwa, msimbo wa awamu hiyo unahama, na kabla ya malipo mteja ana leseni ya muda. Bado watu wanabishana ni kiasi gani cha deni kinatosha kuzuia uhamisho.

Chuma Moto
Jamani na mimi. Nilihamisha mfumo kwa mteja, karatasi zote safi. Mwaka jana akapata mnunuzi, na wanasheria wa mnunuzi wakaomba hifadhi ya msimbo. Wakaendesha amri hii:

```
git shortlog -sne HEAD
```

Inaorodhesha kila aliyeandika, barua pepe yake na idadi ya mabadiliko yake. Mimi 412, halafu jina la rafiki yangu, 67. Alinisaidia moduli ya ripoti, nikamlipa taslimu, hatukuandikiana chochote. Wakauliza uhamisho wake uko wapi. Sina. Sasa mauzo yamesimama. Je, malipo yale hayatoshi?

Binti Mkataba
Yanaweza kukusaidia kudai kwamba mlikuwa na ruhusa ya kutumia kazi yake. Lakini usingeweza kumhamishia mteja umiliki ambao wewe mwenyewe hukuupata. Mwandalie rafiki yako hati fupi itaje faili zake, iseme "nahamisha" na si "nitahamisha", kwa sababu ya pili ni ahadi tu ya siku zijazo. Asaini yeye. Mlipe kitu kidogo upya kwa ajili ya hati hiyo.

Chuma Moto
Alishahamia kampuni nyingine na namba yake haipatikani. Nimemwandikia kwa barua pepe ile iliyotoka kwenye orodha. Hajajibu bado.