Kusi usoni Kilifi–Mombasa: kuinama, kununua vyuma vya viwiko au kupunguza mwendo?

Pwani_Pedali: Wadau, narudi Mombasa kutoka Kilifi na baiskeli ya resi, kusi inanipiga usoni mita 4 kwa sekunde. Nataka kushika kilomita 30 kwa saa. Niinamie mkunjo wa chini wa usukani, au ninunue vile vyuma vya kulazia viwiko?

Gia_Kubwa: Jumlisha mwendo na upepo kwa mita kwa sekunde, 8.33 + 4, halafu kipeo cha tatu. Ukikaa wima, CdA, yaani kipimo cha jinsi mwili na baiskeli vinavyozuia hewa, ni 0.40, hiyo ni wati 450. Panda matatu tu ndugu yangu.

Fundi_Hesabu: Pasipo upepo kanuni yako ni sawa. Penye upepo inazidisha. Hewa inakukandamiza kwa mraba wa kasi inayokufikia kifuani, lakini barabara unaikata kwa mwendo wako mwenyewe. Kwa hiyo upepo unaingia kwenye mraba peke yake; P ni wati, 1.2 ni uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, v ni mwendo wako na w ni upepo:

```
P = 0.5 * 1.2 * CdA * (v + w)^2 * v
```

Ukikaa wima, hewa tulivu inakula wati 139, na hiyo kusi inazifikisha 304. Ukiinamia mkunjo, CdA ikashuka hadi 0.32 hivi, ni 243. Kwa viwiko, tuseme 0.25, ni 190. Msuguano wa tairi bado.

Mzee_wa_Mamba: Mimi nina black mamba, nabeba madumu mawili ya maji. Nikipunguza maji upepo utanihurumia?

Fundi_Hesabu: Mzee wangu, upepo haujui dumu limejaa au ni tupu. Unajua limetokeza ubavuni kiasi gani. Yafunge nyuma ya mgongo wako, uzito uachie mlima.

Pwani_Pedali: Basi vyuma vimeshinda?

Fundi_Hesabu: Kwa namba, ndiyo. Kwa barabara ile, mimi sivifungi. Viwiko vikilala, vidole viko mbali na breki, na matatu za Mtwapa hazipigi honi kabla ya kukukata. Afadhali uinamie mkunjo, kisha usahau 30. Kwa wati zilezile 139, ukiinama ndani ya kusi unatembea kama 23.5, ukikaa wima, 21.

Gia_Kubwa: Si upepo wa kwenda utamrudishia hasara?

Fundi_Hesabu: Haurudishi yote. Ukishika 30 kwenda na kurudi, ukiwa wima, kwenda ni wati 38 na kurudi 304. Wastani ni 171, na siku tulivu ungelipa 139.

Mwanaanga_Kilifi: Hiyo mita 4 umeitoa wapi? Utabiri wa simu kwa kawaida ni wa mita 10 juu ya ardhi. Kifuani pako upepo ni mdogo zaidi, hasa penye miti na nyumba.

Pwani_Pedali: Ni ya simu kweli.

Fundi_Hesabu: Basi 243 yangu imepanda juu. Kiasi gani, inategemea kipande cha barabara. Kwenye daraja la Kilifi nisingepunguza sana.

Gia_Kubwa: Mimi bado nasema matatu.