Nimechoka na hizi é! Tafsiri inatoka kwangu safi, inafika takataka

Jamani nimechoka kabisa. Natafsiri Kifaransa, nakagua neno kwa neno, nakopi napesti kwenye imeili natuma, mteja akifungua anakuta "été" imekuwa "été" na "voilà" imekuwa "voilà ", halafu ananihoji mimi kama kweli Kifaransa nakijua! Kwangu nikifungua zilizotumwa kila herufi ina alama yake. Yaani programu za barua pepe hadi leo zinashindwa kuelewana kwenye é moja? Nani anaharibu, maana mteja kasema ikijirudia halipi.

Mzeewafaili: Hiyo fonti tu mkuu, mwambie abadilishe fonti.

Baitimoja: Fonti haihusiki, ikikosa herufi ungeona kiboksi kitupu. Kwenye UTF-8 é inakaa kwa baiti mbili, C3 na A9. Kuna programu imezisoma moja moja kwa Windows-1252, na huko C3 ni Ã, A9 ni ©. Mwambie mteja afungue chanzo cha imeili hukohuko kwake, asikuforwadie maana ikiforwadiwa inaandikwa upya, atafute mstari huu:

```
Content-Type: text/plain; charset=UTF-8
```

Ukikosekana, au ukitaja kitu kingine wakati baiti ni za UTF-8, kosa ni la upande wa kutuma. Ukiwepo sawasawa, wewe huna kesi. Maandishi yaliyoharibika mara nyingi yanarudi kwa Python:

```
s.encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Ila chunga à. Baiti yake ya pili ni A0, ambayo ikisomwa hivyo inakuwa nafasi isiyokatika, na ukikopi na kupesti mara nyingi inageuka nafasi ya kawaida, basi hiyo amri inagoma. Bora uchukue faili la mwanzo kuliko kukarabati.

Dadatafsiri: Mimi zangu zinakuja � sio Ã, na mimi nitumie hiyo?

Baitimoja: Hapana dada. Hapo programu ilikutana na baiti isiyoielewa ikaweka alama hiyo badala yake. Kama maandishi yalishaseviwa hivyo, herufi yenyewe haimo tena, omba utumiwe upya.

Mwenye uzi: Nimerudi na hasira mara mbili! Mteja kaangalia, mstari upo na ni UTF-8, na imeili yenyewe akiifungua inasomeka vizuri!! Kumbe anaikopi anaipesti kwenye mfumo wa ofisini kwao ndio uchafu unatokea hapo, na wiki zote hizi lawama nabeba mimi. Kuanzia leo naambatisha .docx, imeili siandiki tafsiri ndani.

Mzeewafaili: Sasa si ataikopi tena kutoka kwenye hiyo .docx akapesti kwenye mfumo uleule?

Mwenye uzi: Ndio hapo. Nimemwambia aniunganishe na fundi wa huo mfumo, mpaka sasa kimya.