Chenji isiyowezekana: -1, MAX_VALUE au n+1?

Kijana_Sakina
Habari wakuu. Tuna programu ya mashine ya chenji, Jumatatu inafungwa kwenye kaunta huku Arusha. Inatafuta idadi ndogo kabisa ya sarafu kwa kujaza jedwali kuanzia 0 kwenda juu. Kiasi kisichotimizika tukiandikie nini: -1, namba kubwa kuliko zote, au n+1, n ikiwa kiasi cha chenji kinachotafutwa? Mwenzangu anang'ang'ania -1.

Fundi_Njiro
Mkuu, hujasema mashine ina sarafu zipi wala mnaandika kwa lugha gani. Kama 50 imo na bei zenu zote zinagawanyika kwa 50, hakuna kiasi kitakachoshindikana.

Kijana_Sakina
Java. Ina matundu mawili tu, 200 na 500. Tunahesabu kwa mamia, kwa hiyo ni 2 na 5.

Mangi_wa_Majengo
Jedwali la nini hapo? Toa 500 mpaka zigome, kinachobaki malizia na 200. Kila duka Moshi linarudisha chenji hivyo.

Fundi_Njiro
Mangi, jaribu 600. Unatoa 500, inabaki 100, unamwambia mteja haiwezekani, wakati 200 tatu zinatosha. Kuanza na kubwa kunakubali ukiwa na 50, 100, 200 na 500 zote. Ukiondoa ndogo mbili, kunaharibika.

Sasa -1. Jedwali tuliite `d`, na `d[i]` iwe idadi ndogo ya sarafu kwa kiasi `i`. Kanuni inasema: chukua `d[i-c] + 1` kwa kila sarafu `c`, baki na ndogo. Kwa 2 na 5, `d[1]` haifikiki, mmeandika -1. Mkifika `d[3]`, sarafu ya 2 inarudi kwenye `d[1]`, na -1 + 1 ni 0. Mashine itasema 300 inalipwa kwa sarafu sifuri. `d[6]` nayo inakuwa 0, `d[8]` inakuwa 1 badala ya 4. Ubaya ni kwamba `d[5]` na `d[7]` zinatoka sahihi kwa bahati, kwa hiyo mkijaribu 500 na 700 peke yake mtaridhika bure.

dada_kodi
Hiyo ni kama hakuna kizuizi. Ukiweka `if (d[i-c] >= 0)` kabla ya kujumlisha, -1 ni salama kabisa, na jedwali linasomeka bila kutafsiri. Mimi naipendelea.

Fundi_Njiro
Kweli dada, ila siku mtu akifuta mstari huo, hakuna kitakacholalamika. `Integer.MAX_VALUE` ni mbaya zaidi: ukijumlisha 1 kwenye Java inageuka -2147483648, na hiyo ndiyo inashinda kila ulinganisho wa ndogo. Kwangu ni n+1:

```java
int S = n + 1;
int[] d = new int[n + 1];
Arrays.fill(d, S);
d[0] = 0;
for (int i = 1; i <= n; i++)
  for (int c : sarafu)
    if (c <= i)
      d[i] = Math.min(d[i], d[i - c] + 1);
return d[n] == S ? -1 : d[n];
```

Sarafu ndogo kabisa haipungui 1, kwa hiyo jibu la kweli la `i` halizidi `i`, na haliwezi kugusa S. Kisichofikika kinaletewa S + 1, lakini kilianza na S, kwa hiyo kinabaki S ileile.

Mangi_wa_Majengo
Basi andika 999 uendelee na kazi. Nani anadai chenji ya sarafu elfu moja?

dada_kodi
Programu ikihamishiwa kwenye hesabu za jumla, 600,000 inahitaji sarafu 1,200 za 500. Kwa 999 itajibu haiwezekani. n+1 inakua na kiasi chenyewe.

Kijana_Sakina
Nimeelewa. Nitathibitisha vipi kabla ya Jumatatu?

Fundi_Njiro
Chapisha jedwali zima kutoka 0 hadi 20. Ziwe zinashindikana 1 na 3 peke yake, kuanzia 4 kila kiasi kinafikika. Kisha weka sarafu 2 na 4: witiri zote zishindikane. Na kiasi 0 kijibu 0. Ukiandika mahali popote kwamba 0 maana yake hakuna jibu, asiyedai chenji ataambiwa mashine imeshindwa.

mama_Soweto
Na mimi nauliza: tundu la 500 likiwa limebaki na sarafu mbili tu? Hapa Moshi saa kumi jioni 500 zimekwisha. Hiyo hesabu itajua?

dada_kodi
Haitajua, mama. Hii inadhani sarafu haziishi. Kwako kila sarafu iliyobaki ipitishwe moja moja, na `i` ishuke kutoka n kwenda chini, isije ikatumika mara mbili.

Kijana_Sakina
Duh, hata yetu haina kihesabio cha tundu. Tukipitisha moja moja na tundu lina sarafu 300, si itakuwa nzito?

Mangi_wa_Majengo
Ongezeni tundu la 100, yote haya yaishe.