Mrejesho: kodi ya kofia zangu, Lamu

Niliuliza: "Nauza kofia za kutarizi mtandaoni nikiwa nyumbani Lamu. Mwezi huu mauzo yamefika shilingi 96,000. Nilipe kodi gani?"

Ahsanteni jamani, nimekaa na binamu yangu mhasibu. Mwendo huo ukiendelea ni 1,152,000 kwa mwaka, yaani nimevuka ile milioni moja ya TOT, kodi ya mauzo ya biashara ndogo. Mimi nilidhani asilimia 3 hukatwa kwenye faida. Kumbe ni mauzo yote! Hiyo ni 2,880 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na faida yangu nikishalipa mafundi na mizigo ni 20,000 tu.

Njia nyingine ni kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba nachagua kodi ya mapato ya kawaida. Hapo asilimia 10 ya faida ni 2,000, na kwa kuwa sina mshahara kwingine, nafuu binafsi ya 2,400 kwa mwezi inaimeza yote. Shida ni ushahidi: gharama hutakiwa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, na mafundi wangu huniandikia kwenye karatasi ya daftari la shule. Nimeanza kuwafuata mmoja mmoja, na bi mkubwa wa kwanza kanifukuza.

Jina la biashara nimesajili eCitizen. Leseni ya kaunti ni kando, bado.